Hongera ya Diwani Mpya ni Daftari la Kata

Mtu akichaguliwa kuwa diwani, hongera humjia kutoka pande zote. Majirani humshika mkono, wazee humwombea dua, na wale waliomwona akikua humwita kando wamwusie. Miongoni mwa wanaompongeza wamo pia watumishi wa umma wanaofanya kazi katika kata yake: mtendaji wa kata, mwalimu mkuu, mganga wa zahanati, bwana shamba na afisa maendeleo ya jamii. Hongera hizo ni haki yake. Aliyekubali kusimama mbele ya watu wanaomjua tangu utotoni, akapimwa nao, amefanya jambo ambalo wengi hulikwepa, na anastahili heshima ya ofisi aliyokabidhiwa.

Hata hivyo, liko swali moja ambalo watumishi na walimu hawana budi kujiuliza baada ya kumshika mkono. Diwani huyo anapokwenda kukaa kwenye kiti chake kwa mara ya kwanza, amepewa kitu gani mkononi cha kufanyia kazi? Mara nyingi jibu ni kwamba hakupewa kitu. Anayo kumbukumbu ya ahadi alizozitoa na ya malalamiko aliyoyasikia njiani, lakini hana orodha ya majengo ya kata yaliyokwama, hana hesabu ya wanafunzi na vyumba vyao, wala hajui ni maombi gani yalikwisha kupelekwa wilayani na yakajibiwaje. Wanaoyajua mambo hayo ni hao hao waliompongeza. Kwa hiyo, kama pongezi zao zina maana yo yote kubwa kuliko adabu, basi maana hiyo itaonekana katika karatasi watakazomkabidhi.

Jambo hili lina uzito kwa sababu ya namna kata yenyewe ilivyoumbwa na sheria. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, halmashauri ya wilaya ni chombo kamili kisheria: kinaweza kumiliki mali, kufunga mkataba, kushitaki na kushitakiwa. Halmashauri ya kijiji nayo, yenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, ni chombo cha namna hiyo. Kata haikupewa hadhi hiyo. Kata imewekwa katikati ya vyombo hivyo viwili ili kuviunganisha. Kinachokaa pale ni Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ni mwenyekiti wake, mtendaji wa kata ni katibu wake, na wenyeviti wa vijiji vyote vya kata ni wajumbe wake, pamoja na diwani wa viti maalum anayeishi katika kata hiyo. Kazi yake ni kupokea mipango ya vijiji, kuipima, kuipanga kwa umuhimu na kuisukuma mbele, na pia kusimamia utekelezaji wa yale yaliyoamuliwa na wilaya.

Maana yake ni kwamba diwani mpya anakabidhiwa kiti kisicho na hazina. Hana fungu lake la fedha la kujengea darasa, na hana mamlaka ya kumwajiri, kumhamisha wala kumwadhibu mwalimu. Nguvu yake yote imo katika vikao viwili. Cha kwanza ni hicho cha kamati ya kata, ambamo anaongoza mazungumzo. Cha pili ni Baraza la Madiwani la wilaya pamoja na kamati zake za kudumu, ambamo anasema na kupiga kura akiwa mmoja kati ya wengi. Katika vikao vyote viwili silaha yake ni hoja iliyoandikwa vizuri. Diwani mwenye sauti kubwa lakini asiye na takwimu hushindwa barazani na diwani mpole aliyekuja na muhtasari wa kijiji, kadirio la gharama na barua ya mhandisi. Hivi ndivyo vikao vinavyokwenda, na kila mtumishi aliyewahi kukaa nyuma ya ukumbi wa halmashauri akiandika kumbukumbu analijua jambo hilo.

Inafaa ikumbukwe kuwa nchi hii iliwahi kuishi bila madiwani. Halmashauri zilifutwa mwaka 1972, utawala ulipopelekwa mikoani na wilayani kwa mpango wa Madaraka Mikoani, na kazi zao zikashikwa na maofisa wa Serikali Kuu. Zile za miji zilianza kurudishwa mwaka 1978, na zile za wilaya zikarudi kufuatia sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi mwaka 1984. Mwaka huo huo wa 1984 Mwalimu Nyerere, katika mazungumzo yake na mwandishi mmoja wa jarida la nje, aliitaja hatua ya kuzifuta kuwa miongoni mwa mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza upya. Maofisa wa miaka ile hawakuwa wavivu. Wengi wao walikuwa na elimu na bidii. Kilichokosekana ni mtu aliyewekwa na wakazi wenyewe, mwenye haki ya kusimama kikaoni na kusema kwamba daraja lililopangwa kujengwa kwenye kijito cha kwanza lingewafaa watu zaidi kwenye kijito cha pili. Mtumishi anayemwona diwani kuwa kero ya kazi yake angefaa kuitafakari historia hiyo.

Sasa na iangaliwe kalenda, kwa maana hapo ndipo diwani mpya anapopatikana akiwa amechelewa kabla hajaanza. Uchaguzi Mkuu wa Tanzania, ambao ndani yake madiwani huchaguliwa pamoja na wabunge na Rais, umekuwa ukifanyika mwishoni mwa Oktoba, na wa mwaka 2025 ulifanyika tarehe 29 Oktoba. Diwani huapishwa katika mkutano wa kwanza wa baraza, wiki kadhaa baadaye. Wakati huo huo mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na mpango wake huanza kuandaliwa miezi mingi kabla. Kwa kawaida mwongozo wa bajeti hutoka mwishoni mwa mwaka, vijiji na kata hukusanya mahitaji yao, halmashauri hupitisha rasimu katika miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata, kisha rasimu hiyo huenda mkoani na TAMISEMI kabla ya Bunge la bajeti kuanza Aprili.

Diwani anayeapishwa Novemba au Desemba, basi, anaingia mlangoni wakati chakula kinapakuliwa. Akitumia miezi miwili kupokea pongezi na kuzoea ofisi, dirisha la bajeti linafungwa. Jambo la kata yake likikosa kuingia katika mpango wa Desemba hii, litangoja Desemba ijayo lizungumzwe tena, na fedha, zikikubaliwa, hazitaanza kutafutwa mpaka Julai ya mwaka utakaofuata. Kukosa kikao kimoja kunageuza subira ya miezi saba kuwa subira ya miezi kumi na tisa. Mtoto aliyekuwa darasa la tano akikaa chini ya mwembe atakuwa amekwisha kuingia darasa la saba.

Ili jambo hili lionekane waziwazi, na ichukuliwe kata moja ya mfano yenye vijiji vinne. Katika kijiji cha kwanza ipo shule ya msingi yenye wanafunzi 540, wasichana 280 na wavulana 260. Vyumba vya madarasa ni 7. Kwa kiwango cha Serikali cha wanafunzi 45 kwa chumba, shule hiyo inahitaji vyumba 12. Kwa sasa kila chumba kina wastani wa wanafunzi 77. Miaka mitatu iliyopita wanakijiji walichoma matofali, wakabeba mchanga na mawe, wakasimamisha boma la vyumba viwili mpaka kwenye renta. Hapo nguvu zikaisha. Boma limesimama bila paa, na mvua za misimu mitatu zimelinyeshea.

Katika kijiji cha pili, ambako ndiko nyumbani kwa diwani mpya, wananchi wanataka shule yao wenyewe, na diwani aliwaahidi. Katika kijiji cha tatu zahanati haina nyumba ya mganga. Katika kijiji cha nne wanalia na barabara. Wenyeviti wote wanne watakaa mezani, na kila mmoja ataleta la kwake akiamini ndilo la kwanza. Mwenyekiti wa kikao ni diwani aliyeapishwa wiki iliyopita.

Kikao hicho kinaweza kwenda kwa njia mbili. Kwa njia ya kwanza, mtendaji wa kata ametoa taarifa ya mwito siku mbili kabla, wenyeviti wamekuja mikono mitupu, na mwalimu mkuu hakualikwa. Diwani anafungua kwa maneno mazuri ya kushukuru. Kila kijiji kinasema shida yake. Mwisho wake yanaandikwa mambo yote manne bila mpangilio, kwa sentensi moja moja: boma likamilishwe, shule ijengwe, nyumba ijengwe, barabara itengenezwe. Karatasi hiyo ikifika wilayani, mchumi wa halmashauri anaona maombi manne yasiyo na makadirio wala vielelezo. Anayaweka pamoja na mengine ya namna hiyo, naye anachukua yale ya kata nyingine ambayo yamekuja yamekamilika. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kata imejinyima yenyewe.

Kwa njia ya pili, mwalimu mkuu amekwisha kumwandalia diwani ukurasa mmoja. Ndani yake zimo hesabu zilizotajwa hapo juu, na zaidi yake hesabu ya vyoo. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kwa hiyo shule hiyo inahitaji matundu 14 ya wasichana na 11 ya wavulana, nayo inayo 6 na 5. Mwenyekiti wa kijiji ameleta muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, yaani mkutano wa wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18, ukionyesha kuwa boma lilianzishwa kwa uamuzi halali, pamoja na orodha ya mahudhurio yenye saini. Mtendaji wa kata amemwomba mhandisi wa halmashauri afike na kulikagua boma, na taarifa yake ipo.

Taarifa hiyo ya mhandisi ndiyo kitu kinachosahauliwa kuliko vyote, nayo ndiyo inayoamua. Boma lililonyeshewa misimu mitatu si boma lile lile lililojengwa. Matofali ya kozi za juu huwa yamelegea na udongo wa katikati umeoshwa. Yamkini hilo si kubwa, kwani kozi mbili au tatu zinaweza kubomolewa na kujengwa upya. Lakini ukionekana ufa wa mshazari unaoanzia kwenye pembe ya dirisha kushuka chini, hiyo ni dalili kwamba msingi unatitia, na kuweka kenchi na mabati juu ya ukuta wa namna hiyo ni kuwaweka watoto chini ya hatari. Maboma mengine yalianzishwa bila ramani ya halmashauri, yakawa mafupi au membamba kuliko chumba cha kawaida, na wilaya hukataa kuyamalizia. Ni heri kata ijue hayo mwezi Novemba kuliko kuyajua mwezi Agosti fedha zikiwa zimekwisha kuletwa.

Ikiwa mhandisi amesema msingi ni imara, hoja ya kijiji cha kwanza sasa ina miguu. Wanafunzi 540 wakigawanywa katika vyumba 9 badala ya 7, wastani unashuka kutoka 77 mpaka 60. Bado ni wengi kupita kiwango, lakini mwalimu anaweza kupita kati ya madawati na kuyaona madaftari. Tena nguvu za wananchi zilizokwisha kutumika zinaokolewa. Diwani anaweza kuwaambia wajumbe kwamba vijiji vitatu vingine havikusahauliwa, bali vimepangwa: nyumba ya mganga ya pili, barabara ipelekwe kwa TARURA kwa barua ya peke yake kwa kuwa fedha za barabara za wilaya zinapitia kwa wakala huyo tangu ulipoanzishwa mwaka 2017, na shule ya kijiji cha pili ianze kwa kupima eneo na kupata kibali kabla tofali la kwanza halijachomwa.

Hapo ndipo panapomgharimu diwani kitu. Atarudi nyumbani kwake, katika kijiji kilichompa kura nyingi kuliko vyote, awaeleze kwamba ahadi yake imekuwa ya nne. Wako watakaomwambia kuwa amewasaliti. Ni wakati huo, wala si siku ya kuapishwa, anapohitaji watumishi waliompongeza wasimame karibu naye. Mwalimu mkuu akiwa tayari kwenda pamoja naye kwenye mkutano wa kijiji cha pili, akazisoma hesabu zile kwa sauti mbele ya wananchi, lawama hugeuka kuwa mazungumzo. Watu wazima wakionyeshwa kipimo kilichotumika huweza kukikubali hata kama hakikuwapendelea. Wasichokubali ni kuhisi kwamba jambo limeamuliwa gizani.

Ushirikiano una upande wake wa pili, nao ni mipaka. Nidhamu na kupandishwa madaraja kwa walimu wa shule za msingi na sekondari za Serikali viko mikononi mwa Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015. Diwani aliyesikia kwamba mwalimu fulani hafiki kazini anaweza na anapaswa kulipeleka jambo hilo kwa mwalimu mkuu, kwa afisa elimu kata, na likizidi kwa mkurugenzi. Hawezi kumfukuza mwalimu huyo mbele ya mkutano wa hadhara. Akifanya hivyo atapigiwa makofi siku moja, na mwaka mzima unaofuata walimu watakuwa wakimpa taarifa fupi, za adabu, zisizo na kitu ndani. Diwani asiyepewa habari na walimu amepoteza jicho moja, na yule aliyegombana pia na mtendaji wa kata amepoteza yote mawili.

Vivyo hivyo kwa watumishi. Wako wenye mazoea ya kumchukulia diwani kama mgeni wa kupita, ambaye atamaliza miaka mitano na kuondoka wakati wao wakibaki na faili zao. Hujibu barua yake baada ya mwezi. Humletea makabrasha ya kikao asubuhi ile ile ya kikao, kurasa mia na zaidi, kisha hushangaa anapouliza swali lisilohusika. Diwani wengi hawakusomea mambo ya fedha za Serikali, na hawalazimiki kuwa wameyasoma. Sheria inawataka wajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Mtendaji anayekaa na diwani saa mbili kabla ya kikao na kumfafanulia tofauti kati ya fedha zilizotengwa na fedha zilizopokelewa amefanya kazi ya uzalendo kuliko hotuba. Tofauti hiyo ndiyo inayowachanganya wengi: mradi husomwa katika kitabu cha bajeti, wananchi huambiwa fedha zipo, kumbe lililopo ni fungu ambalo bado halijaletwa hata shilingi moja.

Fedha zikija, ushirikiano huwa mgumu zaidi, kwa sababu sasa kuna kitu cha kugombania. Mwaka 2021 Serikali ilijenga vyumba 15,000 vya madarasa kwa fedha za mpango wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, vyumba 12,000 vikiwa vya sekondari na 3,000 vya vituo shikizi, kwa shilingi milioni 20 kila chumba. Ujenzi wa namna hiyo hauendi kwa mkandarasi mkubwa. Fedha huingia katika akaunti ya shule, fundi wa mahali hupatikana kwa ushindani, na kamati za watu wa pale pale husimamia: moja hununua, nyingine hupokea vifaa, nyingine hutazama ujenzi. Mwalimu mkuu ndiye anayebeba dhamana ya hesabu, na mkaguzi akija ndiye atakayeulizwa.

Katika mpango huo diwani hana saini. Kazi yake ni kuuliza na kuona. Lakini ni rahisi mno kwake, hata kwa nia njema, kumpendekeza ndugu mwenye duka la saruji au fundi aliyemsaidia wakati wa kampeni. Mwalimu mkuu, kwa heshima au kwa hofu, hukubali. Dalili za kuharibika huanza kuonekana mapema kwa mwenye kutazama. Daftari la mapokezi lina mifuko mia ya saruji iliyopokelewa kwa saini ya mtu mmoja badala ya kamati. Hakuna kumbukumbu ya mifuko mingapi ilitumika siku ipi. Matofali yanayochukuliwa kwa mikono yanamomonyoka pembeni. Fundi amelipwa nusu ya ujira wakati kuta hazijafika madirishani. Diwani mwenye busara humwambia mwalimu mkuu tangu siku ya kwanza, mbele ya mtendaji na kamati nzima, kwamba hatamleta muuzaji wala fundi, na kwamba akija mtu akilitumia jina lake afukuzwe. Maneno hayo machache humpa mwalimu mkuu kinga kuliko barua yo yote ya pongezi, nayo humpa diwani haki ya kuuliza maswali magumu baadaye bila kuonekana ana lake moyoni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe haliandikiki vizuri penye mtu wa kuogopwa.

Lipo pia suala la wale ambao hawakumchagua. Katika kata yo yote wapo waliompigia kura mpinzani wake, na wapo ambao hawakwenda kabisa kupiga kura. Baadhi yao ni wenyeviti wa vitongoji, wajumbe wa kamati za shule, mafundi na wazazi. Boma la kijiji cha kwanza halikujengwa na watu wa rangi moja ya sare. Aliyebeba maji ya kuchanganyia udongo alibeba kwa ajili ya mtoto wake. Diwani akianza kwa kuibadilisha kamati ya ujenzi ili aweke watu wake, atakuta amewatoa wale wanaojua ni mawe mangapi yalimwagwa na nani alichangia nini. Na mtumishi wa umma anayempongeza diwani kwa namna inayowaonyesha wengine kuwa ofisi sasa ni ya kundi moja anamharibia diwani huyo kazi kabla haijaanza. Ofisi ya kata itatoa barua ile ile kwa kila mkazi, na diwani atatumwa na wote.

Uhusiano wa mwalimu na michango ya wazazi nao unahitaji diwani aufahamu mapema. Tangu elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa Januari 2016, hairuhusiwi kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu mzazi wake hakutoa mchango. Wananchi wakiamua wenyewe kukamilisha boma, uamuzi huo ni wa mkutano wa kijiji, na ukusanyaji wake ni wa serikali ya kijiji kwa stakabadhi. Mwalimu asifanywe mkusanyaji. Mara nyingi diwani mpya, akiona boma limekwama, humwambia mwalimu mkuu awaambie wazazi walete fedha. Mwalimu akitii huvunja agizo. Akikataa huonekana mkaidi. Njia ya kumwondoa katika mtego huo ni diwani kumwita mwenyekiti wa kijiji, na jambo likapita katika mkutano wa wakazi, ambao hutakiwa kukutana walau kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Kijiji kisichosomewa hesabu ya mchango wa jana hakichangii mchango wa leo, na kosa hilo halimhusu mwalimu.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu wa ofisi na wa madarasa. Kwao pongezi kwa diwani mpya zina umbo linaloeleweka. Mwalimu mkuu anao ukurasa mmoja wa hesabu za shule: wanafunzi, vyumba, madawati kwa kiwango cha wanafunzi watatu kila moja, matundu ya vyoo, walimu waliopo na wanaopungua. Mganga wa zahanati anao wake. Mtendaji wa kata anayo orodha ya majengo yote yaliyoanzishwa na hayakumalizika, kila moja na mwaka lilipoanza, mahali lilipofika na lililolikwamisha. Anazo pia nakala za maombi yaliyokwisha kupelekwa wilayani na majibu yake. Karatasi hizo zikiwekwa pamoja hazifiki kumi. Diwani akizipata katika wiki ya kuapishwa kwake, anaweza kuziona kwa macho kwa kuitembelea kata siku tatu, akaitisha kamati yake kabla ya mwaka kwisha, na kwenda barazani akiwa na jambo moja la kwanza linaloweza kutetewa.

Naye diwani analo lake la kurudisha. Kikao cha baraza kikiisha, aje kuwaeleza wale waliompa karatasi zile zilifika wapi: kipi kimekubaliwa, kipi kimekataliwa na kwa sababu gani. Watumishi wengi wamezoea kuandika taarifa zinazokwenda juu na kutorudi tena, na ndiyo maana huziandika kwa ulegevu. Wakiona taarifa ya Novemba imezaa paa mwaka unaofuata, taarifa inayofuata itaandikwa kwa mkono mwingine. Mwalimu wa darasa la watoto 77 hahitaji kuambiwa habari nyingine juu ya diwani wake. Atahesabu mabati.